Mzigo Ukishika Sehemu Moja, Mkazo Hutulia Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimekuwa nikiulizwa na wachomeleaji wa Katwe, wasimamizi wa ujenzi wa Mukono na Jinja, na wanafunzi wa uhandisi wanaokuja kujifunza kazi saiti wakati wa likizo. Karibu yote yanazunguka jambo moja: hesabu ya darasani inasema mkazo ni sawa kila mahali, lakini chuma na zege hupasuka pale pale mzigo ulipofungwa. Katika majibu nitatumia kipande kimoja cha chuma ili hesabu zisitawanyike.

Tulifundishwa kwamba mkazo ni mzigo kugawanywa kwa eneo. Je, hesabu hiyo ni ya uongo karibu na mzigo?

Si ya uongo, ila inajibu swali la wastani. Chukua chuma bapa chenye upana wa milimita 100 na unene wa milimita 10, kinaning'inia wima. Kwenye ukingo wake wa juu, katikati kabisa, pamechomelewa kishikio chembamba chenye upana wa milimita 20, na kupitia kishikio hicho tunavuta kilonyutoni 40, yaani karibu uzito wa tani 4. Eneo la mkato ni milimita za mraba 1,000, kwa hiyo mkazo wa wastani ni nyutoni 40 kwa kila milimita ya mraba. Hizo ndizo megapaskali 40.

Wastani huo ni wa kweli popote utakapokata chuma hicho, hata milimita 5 tu kutoka kwenye kishikio, kwa sababu nguvu zote zinazopita kwenye mkato lazima zijumlike kuwa kilonyutoni 40. Lakini wastani hausemi nani amebeba nini. Ndani ya kishikio chenyewe mkazo ni megapaskali 200. Nguvu hiyo inapoingia kwenye bapa pana, inaingia kwa mlango wa milimita 20. Pembe mbili za bapa, kulia na kushoto mwa kishikio, hazijaguswa na kitu. Ziko karibu bila mkazo wowote, ingawa zimo kwenye mkato uleule. Ukienda mbali kidogo na kishikio, mkazo husawazika kwenye upana wote.

Basi "mbali kidogo" ni umbali gani hasa?

Kipimo chake ni upana wa kiungo, si urefu wake. Bapa liwe na mita moja au mita sita, eneo la vurugu, yaani mahali ambapo mkazo haujawa sawa, ni lilelile.

Nadharia ya unyumbufu imelikokotoa suala hili kwa bapa lililobanwa au kuvutwa kwa nukta moja katikati ya ukingo, na namba zake zinajulikana vizuri. Ukienda robo ya upana kutoka ukingoni, mkazo wa katikati ni mara 2.575 ya wastani, na wa kandokando ni 0.198 tu ya wastani. Ukifika nusu ya upana, katikati ni 1.387 na kando ni 0.668. Ukifika umbali ulio sawa na upana mzima, katikati ni 1.027 na kando ni 0.973.

Tuzirudishe kwenye chuma chetu. Milimita 25 kutoka ukingoni, katikati kuna takriban megapaskali 103 na pembeni kuna 8. Milimita 50 kutoka ukingoni ni 55 kwa 27. Milimita 100 kutoka ukingoni ni 41 kwa 39, na tofauti hiyo ni ndogo kuliko makosa ya kawaida ya kupima unene wa bapa lenye kutu. Kishikio chetu si nukta kamili, kina milimita 20, kwa hiyo hali halisi ni nafuu kidogo kuliko namba hizi.

Angalia jinsi vurugu inavyokufa. Haipungui taratibu kwa kiwango kilekile kila hatua. Hufifia kwa kasi, takriban kama e^(−4.2x/b), ambapo x ni umbali kutoka ukingoni na b ni upana. Kwa nusu ya upana inabaki kama asilimia 12 ya nguvu yake, na kwa upana mzima inabaki asilimia 1 na nusu. Ndiyo maana wahandisi husema "upana mmoja" bila kubishana sana.

Lakini kwa nini unatulia? Nani anauambia mkazo uende pembeni?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na wengi huliruka.

Fikiria bapa letu limegawanywa kichwani kuwa mistari mingi myembamba ya wima, iliyoshikana ubavu kwa ubavu. Mzigo unapovuta, mstari wa katikati ndio unaorefuka kwanza, kwa sababu ndio ulioshikwa. Mstari wa jirani haujashikwa na kishikio, kwa hiyo haukutaka kurefuka. Lakini umegandamana na wa katikati. Wa katikati ukirefuka, jirani anaburutwa. Pale wanaposhikana kunatokea mkazo wa kukata, yaani ule wa tabaka moja kutaka kuteleza kando ya jingine. Mkazo huo unafanya kazi mbili kwa pamoja: unamwongezea jirani mvuto, na unampunguzia wa katikati. Jirani naye anamburuta aliye pembeni yake, mpaka ukingoni.

Kila milimita unayoteremka, kiasi fulani cha nguvu kimehama kutoka katikati kwenda kando. Uhamisho unaendelea maadamu mistari inarefuka kwa viwango tofauti. Siku zote unaelekea upande mmoja, kutoka kwa aliyebeba zaidi kwenda kwa aliyebeba kidogo. Mistari yote ikisharefuka sawa, hakuna tena anayemburuta mwenzake, mkazo wa kukata unakwisha, na hakuna sababu ya mgawanyo kubadilika tena. Hali ya usawa ndiyo pekee inayoweza kuendelea kwa urefu wowote bila kubadilika.

Kuna njia ya pili ya kuliona, na kwa mwenye kupenda hesabu ni safi zaidi. Chukua mzigo wa kweli, ule wa nukta, kisha toa mzigo uliosambazwa sawasawa wenye jumla ileile. Kinachobaki ni kundi la nguvu ambalo jumla yake ni sifuri na halipindishi upande wowote: mvuto katikati, msukumo kando, vyote vimelingana. Kundi kama hilo halihitaji kushikiliwa na upande wa pili wa chuma. Linajimaliza lenyewe papo hapo, kwa kukunja na kunyoosha chuma kilicho karibu nalo tu. Karibu nishati yake yote imefungiwa kwenye kipande chenye urefu unaokaribia upana wa bapa.

Nani aligundua jambo hili?

Mfaransa Adhémar Barré de Saint-Venant, mhandisi wa madaraja na barabara, alilitumia katika kazi yake ya mwaka 1855 kuhusu kusokotwa kwa nguzo, na jina lake limebaki kwenye kanuni hii ya kutulia kwa mkazo. Yeye alihitaji ruhusa ya kutojali namna nguvu zilivyopangwa kwenye ncha. Joseph Boussinesq aliieleza kwa upana zaidi mwaka 1885. Uthibitisho wa kihisabati ulichelewa sana: Richard von Mises alionyesha mwaka 1945 kwamba maelezo ya zamani yalikuwa mapana kupita kiasi, na mwaka 1965 Richard Toupin akathibitisha kwa nguzo kwamba nishati ya vurugu hufifia kwa kasi kadiri unavyoondoka kwenye ncha.

Naweza kuliona kwa macho bila maabara?

Unaweza, na kifaa kipo kwa kila fundi wa bodaboda. Chukua tyubu kuukuu, ukate kipande bapa chenye upana wa sentimita 6 na urefu wa sentimita 30. Kwa kalamu ya rangi nyeupe chora mistari ya kukingama, kila baada ya sentimita 1, kutoka ncha moja hadi nyingine. Ncha ya chini ibane kati ya mbao mbili kwa upana wake wote. Ncha ya juu ibane katikati tu, kwa koleo nyembamba, uvute.

Mistari ya karibu na koleo itapinda kama upinde, katikati ikiwa imeinuka kuelekea mkono wako. Mstari wa tatu au wa nne umepinda kidogo. Ukifika wa sita au wa saba, umenyooka, na kuanzia hapo mistari inaachana kwa nafasi zilizo sawa kutoka upande hadi upande. Mstari ulionyooka na nafasi zilizo sawa maana yake ni kwamba mpira umerefuka sawa kote kwenye upana, na kwa hiyo mkazo ni sawa. Kisha badilisha: bana kwa koleo mbili, moja kila upande, uvute kwa nguvu ileile. Juu picha itabadilika kabisa. Chini haitabadilika.

Kwa hiyo naweza kufunga mzigo popote, mradi niende mbali?

Hapana. Hapa ndipo kanuni hii inapotumiwa vibaya kuliko mahali pengine popote.

Kinachofifia ni kile kinachojilinganisha chenyewe. Jumla ya nguvu haififii, wala mpindo haufifii. Ukibadilisha bolti moja ya katikati kwa bolti mbili zilizo sawa pande mbili, jumla na mstari wa nguvu ni vilevile, na sehemu ya mbali haitajua tofauti. Ukisogeza kishikio milimita 10 tu upande mmoja, umebadilisha mstari wa nguvu wenyewe.

Tufanye hesabu kwa bapa letu, ncha zote mbili zikiwa zimesogea milimita 10 upande uleule. Kilonyutoni 40 mara milimita 10 ni mpindo wa nyutoni-milimita 400,000. Uwezo wa mkato kupinga mpindo huo ni unene mara upana wa mraba kugawanya kwa 6, yaani 10 × 100 × 100 / 6, sawa na milimita za ujazo 16,667. Mkazo wa mpindo ni megapaskali 24. Ukingo mmoja wa bapa sasa una 64 na mwingine una 16, na hali hiyo inaendelea kwa urefu wote, hata mita sita. Hata ukienda mbali kiasi gani, hautasawazika.

Fundi akiniambia "Injinia, kimesogea kidogo tu, kitajisawazisha," huwa namwomba apime kimesogea kiasi gani kutoka kwenye mstari wa kati. Namna ya kushika hujisawazisha. Mahali pa mstari wa nguvu hapajisawazishi.

Nataka kupima mkazo kwa geji ya kubandika. Niibandike wapi?

Angalau upana mmoja kutoka kwenye ncha, kutoka kwenye tundu, na kutoka mahali ambapo upana unabadilika. Ukiwa na nafasi, nenda upana mmoja na nusu. Na bandika mbili, moja kila ukingo, ili ugundue mpindo niliousema hapo juu: zikitofautiana sana, mstari wako wa nguvu umekwenda upande. Ukitaka kujua kama bapa linapinda pia kwa upande wa unene, weka nyingine kwenye nyuso mbili.

Anayebandika moja katikati, milimita 25 kutoka kwenye kishikio chetu, atasoma mkazo wa karibu megapaskali 103. Akizidisha kwa eneo lote atasema mzigo ni kilonyutoni 103, zaidi ya mara mbili na nusu ya mzigo wa kweli. Geji haikukosea. Imesema ukweli wa mahali ilipo. Kwa sababu hiyohiyo vipande vya majaribio ya kuvuta chuma hutengenezwa vikiwa vipana kwenye ncha za kubanwa na vyembamba katikati, na urefu wa kupimia huwekwa ndani ya sehemu nyembamba, mbali na meno ya mashine.

Programu ya kompyuta inanipa mkazo mkubwa sana chini ya mzigo, na nikigawa matundu ya wavu inaoutumia kukigawa chuma kwa hesabu yawe madogo, mkazo unazidi kukua. Kuna hitilafu?

Hakuna. Umeiambia kwamba nguvu inaingia kwenye nukta isiyo na eneo, na jibu sahihi la nadharia kwa swali hilo ni mkazo usio na kikomo. Kila unapopunguza matundu unalikaribia zaidi. Ukitaka namba ya mahali hapo, sambaza mzigo kwenye eneo halisi la mguso. Ukitaka namba ya mbali, soma upana mmoja kutoka hapo: utaona haibadiliki hata ukibadilisha wavu.

Kama vurugu ni ya sehemu fupi, kwa nini nisiipuuze tu?

Kwa sababu humo ndimo vitu huvunjikia, hasa zege.

Niliwahi kuitwa kuangalia nguzo fupi ya zege kwenye jengo moja huko Mukono. Boriti ya chuma ilikuwa imekalia katikati ya kichwa cha nguzo kupitia bamba jembamba. Ufa ulikuwa umeanza chini kidogo ya kichwa, ukashuka wima katikati ya uso wa nguzo, ukafa baada ya urefu unaokaribia upana wa nguzo. Waliokuwepo walidhani zege ni dhaifu. Lakini ufa wa wima chini ya mzigo wa kubana una maana nyingine: kuna kitu kilichokuwa kikiivuta nguzo kwenda kulia na kushoto.

Kitu hicho ni ule usambazaji wenyewe. Mgandamizo unapotoka kwenye bamba jembamba kwenda kwenye upana wote, njia za nguvu hupanuka kwanza kwenda nje, kisha hulazimika kujipinda tena ili zishuke wima. Njia ya mgandamizo haiwezi kujipinda bila kuvutwa kutoka pembeni. Karibu kabisa na bamba, zege linabanwa pande zote. Chini zaidi, kati ya robo na nusu ya upana, zege linavutwa kwa ukingamo, na zege lina nguvu ndogo sana ya kuvutwa.

Tukadirie. Nguzo ni milimita 300 kwa 300, mzigo ni kilonyutoni 400, bamba lina upana wa milimita 100 na linafika kutoka uso hadi uso kwa upande wa pili. Mgandamizo wa wastani wa nguzo ni megapaskali 4.4 tu, na chini ya bamba ni 13.3. Zote hazitishi kwa zege la kawaida. Sasa nguvu ya kupasua, kwa kanuni rahisi inayotumiwa kwenye vichwa vya boriti zenye kebo za kukazwa:

T = 0.25 × P × (1 − a/b)

P ni mzigo, a ni upana wa bamba, b ni upana wa nguzo. Tunapata 0.25 × 400 × (1 − 100/300), karibu kilonyutoni 67. Hiyo ni zaidi ya tani 6 na nusu zinazovuta nguzo ipasuke katikati. Tukiruhusu nondo zibebe megapaskali 200, tunahitaji milimita za mraba 333. Ringi moja ya milimita 8 ina miguu miwili kwenye mwelekeo huo, yenye jumla ya milimita za mraba 100. Ringi 4 zinatosha, zikipangwa kuanzia kama milimita 60 chini ya kichwa hadi milimita 300.

Ringi za nguzo ile zilikuwa zimeachana kwa milimita 200. Ndani ya eneo lililohitaji nne kulikuwa na moja, pengine mbili.

Mzigo unaoingizwa kwa kebo una tatizo lilelile. Atakayevuka daraja jipya la Jinja, lililofunguliwa Oktoba 2018, ataziona kebo zikishika sitaha sehemu moja moja. Kila mahali hapo nguvu inaingia kwa eneo dogo, na kazi ya kuisambaza lazima ifanywe kwa nondo na unene wa mahali hapo.

Chuma si hulegea chenyewe pale palipozidiwa?

Chuma laini hulegea, ndiyo. Sehemu iliyozidi kiwango chake hurefuka bila kuvunjika na kuwaachia jirani mzigo, na mbali na hapo hakuna kinachobadilika. Kwa mzigo uliotulia, hilo hutuokoa mara nyingi. Kwa mzigo unaokuja na kuondoka, kama wa kreni au trela, mahali hapohapo ndipo ufa mdogo huanzia, kwa kawaida kwenye ncha ya weldi.

Kanuni ya upana mmoja inashindwa wapi?

Mahali pawili panafaa kukumbukwa. Kwanza ni mbao. Mbao ni ngumu sana kwa urefu wa nyuzi lakini tabaka zake huteleza kirahisi, na mnakumbuka kwamba kuteleza ndiko kunakosafirisha nguvu kwenda kando. Ugumu wa kuvutwa kwa urefu ukiwa mara 16 ya ugumu wa kukatwa, jambo la kawaida kwa mbao, vurugu inahitaji karibu upana mara tatu ili ifike asilimia moja. Kwa hiyo ubao wa mvule wenye upana wa milimita 150, ulioshikwa kwa bolti ya katikati, unaweza kuhitaji karibu nusu mita.

Pili ni vyuma vyembamba vilivyo wazi, kama chaneli za paa zilizokunjwa kutoka kwenye bati nene. Kuta zake zinaungana kwa njia ndefu ya kuzunguka, na nguvu zinazojilinganisha kwenye ncha zinaweza kuusokota mkato wote na kusafiri mbali, mara nyingi ya upana wake. Kwa vyuma hivyo usitegemee upana mmoja. Funga ncha kwa bamba linalogusa kuta zote, au fanya hesabu kamili ya kusokotwa.

Na kama kiungo chenyewe ni kifupi kuliko upana wake mara mbili?

Basi vurugu ya ncha moja inakutana na ya ncha nyingine kabla hazijatulia, na hakuna sehemu ya katikati ambapo mkazo ni sawa. Kofia ya nguzo, kitako cha msingi, boriti fupi iliyobeba nguzo juu yake, vyote vimo kwenye kundi hili. Mzigo kugawanywa kwa eneo hakufai huko, wala hesabu ya kawaida ya mpindo. Chora njia za mgandamizo kutoka mzigo hadi msingi kama miti iliyoegemezana, tafuta mahali inapotaka kuachana, na uweke nondo hapo kwa nguvu utakayoipata kwenye mchoro huo.